Cherehani Inapokimbia Bila Kukanyagwa

Cherehani nyeusi za Singer na Butterfly zilizojaa kwenye vibaraza vya mafundi zilibuniwa kuendeshwa kwa mkono au kwa miguu. Siku hizi nyingi zimefungiwa mota ndogo nyuma ya kichwa, karibu na gurudumu la mkono, na chini ya meza ipo pedeli ya plastiki ya kuongozea kasi. Mota na pedeli huuzwa pamoja, na pia huugua pamoja. Kuna siku mshonaji anachomeka plagi ukutani na cherehani inaondoka kwa kasi kabla hajaweka mguu. Siku nyingine anakanyaga mpaka goti linauma, na sindano haitikisiki.

Wengi humlaumu mota kwanza. Lakini kabla ya kufungua chochote ni vizuri kujua umeme unavyopita. Waya mmoja unatoka kwenye plagi, unaingia kwenye pedeli, unatoka humo kwenda kwenye mota, kisha unarudi ukutani. Pedeli na mota ziko kwenye mstari mmoja. Kinachopita huku ndicho kinachopita kule. Kwa hiyo mota inayokimbia yenyewe ina maana kwamba mahali fulani kuna njia isiyokatika, na isiyowaka ina maana kuna njia isiyounganika. Kazi yote ni kutafuta mahali hapo, na cherehani yenyewe hutoa dalili kabla bisibisi haijatoka mfukoni.

Dalili ya kwanza ni kasi. Ikiwa imechomekwa, haijakanyagwa, nayo inakimbia kwa kasi yake yote, basi ndani ya pedeli kuna kitu kimeungana moja kwa moja. Ikiwa inavuma tu, au inazunguka polepole kama inayosinzia, basi umeme unavuja kidogo kidogo, na mara nyingi mvujaji ni kapasita ya kuzuia makelele ya redio. Na ikiwa imetulia vizuri lakini ukigusa pedeli kidogo tu inaruka kwa kasi yote, bila polepole wala wastani, basi swichi ya mwanzo inafanya kazi ila kinachopima kasi kimekufa. Mshonaji anayeweza kumweleza fundi ni ipi kati ya hizi tatu amemwokolea nusu ya muda wake.

Mama mmoja mshonaji wa sare za shule, Tandika, Dar es Salaam, alileta pedeli yake kwa fundi redio akiwa ameifunga kwenye kanga pamoja na mota.

"Fundi, inakimbia yenyewe. Nimeichomoa, nimeirudisha, bado inakimbia."

"Inakimbia sana au kidogo, mama?"

"Sana. Imevunja sindano."

Fundi aliunganisha mota na pedeli mezani, akachomeka kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyowekwa kwenye mstari mmoja na soketi yake ya majaribio. Balbu hiyo inafaa kuwa nayo. Kukiwa na shoti, umeme wote unaishia kwenye balbu, inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinachoungua. Mota ikiwa nzima, balbu inawaka kwa wekundu na mota inazunguka taratibu. Kwa mama huyu mota ilizunguka na balbu ikawaka nyekundu, na hakuna aliyegusa pedeli. Fundi akachomoa plagi ukutani, akatenganisha waya za pedeli na mota, akachomeka tena. Kimya. Hapo ilikuwa wazi kwamba umeme ulikuwa unapitia kwenye pedeli, si kwenye waya uliochubuka mahali pengine. Kwenye cherehani zenye kisoketi cha pini tatu ubavuni, jaribio hili ni jepesi zaidi: unachomoa pedeli peke yake. Mota ikiendelea kuzunguka wakati pedeli haipo, usihangaike na pedeli; kuna waya zilizogusana ndani ya kisoketi hicho, au mtu aliyebadilisha waya aliziweka kwenye pini zisizo zake.

Pedeli hufungwa kwa skrubu nne upande wa chini, na mara nyingi zimejificha chini ya vimpira vya miguu. Chomoa kwanza plagi ya ukutani, maana kuzima swichi hakutoshi: kwenye nyumba ambazo waya zimepinduliwa, swichi hukata upande usio na umeme na pedeli hubaki hai. Ndani ya pedeli ya siku hizi kuna kibao kidogo chenye vitu vichache. Kuna kitelezi kinachosukumwa na kanyagio, ambacho mafundi redio watakitambua haraka kwa sababu ni voliumu kama ile ya redio. Kuna kapasita mbili tatu. Kuna kidude kidogo cha kioo au cha rangi ya buluu, dayaki, mara nyingi ya aina ya DB3. Na kuna kidude cheusi chenye miguu mitatu na bati la chuma mgongoni, trayaki, ambayo kwenye pedeli nyingi imeandikwa BT136.

Trayaki ndiyo swichi yenyewe. Umeme wetu wa mawimbi 50 hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na kila unapobadilika trayaki hujifunga. Kitelezi kinajaza kapasita ndogo; ikifika volti kama 32, dayaki inapasuka na kuipiga trayaki, nayo inafunguka mpaka wimbi liishe. Ukikanyaga kidogo kapasita inachelewa kujaa, kwa hiyo mota inapata mkia tu wa kila wimbi na kwenda polepole. Ukikanyaga sana inajaa mapema na mota inapata karibu wimbi zima. Ukiisikia mota ikivuma kwa sauti nzito wakati wa mwendo mdogo, sauti hiyo ni ya mawimbi yaliyokatwa, wala si ugonjwa.

Tatizo ni namna trayaki inavyokufa. Balbu ikifa inakata njia. Trayaki kwa kawaida hufanya kinyume: inaungana, miguu yake miwili mikubwa inakuwa kipande kimoja cha chuma, na hakuna tena wa kusema simama. Kwenye BT136, ukiishika maandishi yakikutazama na miguu ikielekea chini, mguu wa 1 ni wa kushoto, wa 2 ni wa kati, na wa 3, wa kulia, ni ule wa kupigia amri. Fundi wa Tandika aliweka mita kwenye omu na kugusa mguu wa 1 na wa 2. Ilisoma sifuri. Trayaki nzima haitakiwi kuonyesha njia yoyote kati ya miguu hiyo. Kati ya mguu wa 1 na wa 3, lakini, mita huonyesha njia hata ikiwa nzima, na wengi wametupa trayaki nzuri kwa kutojua hilo.

Hata hivyo hakuitoa mara moja. Baadhi ya pedeli zina vibati viwili vya shaba vinavyogusana kanyagio linapofika mwisho, ili mota ipate umeme wote bila kupitia trayaki. Kibati kimoja kikipinda, au vikiungana kwa moto wa cheche, mita itasoma sifuri ilhali trayaki haina kosa. Alivitazama vibati, vilikuwa mbali. Akalegeza risasi kwenye mguu wa kati, akauinua, akapima tena. Bado sifuri. Hapo ndipo alipoihukumu.

Kuiweka mpya ni kazi ya dakika chache. Cha kuzingatia ni kwamba bati la mgongoni mwa BT136 limeungana na mguu wa 2, yaani lina umeme wa ukutani. Lisiguse chuma chochote, hasa kwenye pedeli za zamani zenye kasha la chuma. Kwenye pedeli ya chuma ni bora kutumia BTA08, ambayo bati lake limetengwa na umeme.

Lakini fundi aliyeweka trayaki na kufunga kasha angeona sura ya mama huyu tena baada ya wiki chache. Mota yake ilikuwa imeandikwa wati 100. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni chini ya nusu ampea. BT136 imepimwa kwa ampea 4, na ingawa bila bati kubwa la kupoozea uwezo wake ni mdogo zaidi, nusu ampea haiwezi kuiua. Kuna kitu kilichofanya mota ivute zaidi. Mota ikikwama, au ikizunguka kwa shida, mkondo hupanda mara kadhaa, kwa sababu kinachouzuia mkondo mota inapokwenda ni mzunguko wake wenyewe zaidi kuliko waya zake. Hivyo akaigeukia mota.

Mota hizi ndogo zina vipande viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi kwenye ngoma ya shaba iliyo mwishoni mwa amecha. Ngoma hiyo imekatwa vipande vingi vyembamba vilivyotengana, kila kimoja kikipeleka umeme kwenye koili yake. Kaboni hutolewa kwa kufungua vifuniko viwili vya plastiki vyenye mfereji wa bisibisi, kimoja kila upande. Zitoe moja moja, na weka alama upande gani ulikuwa juu. Kaboni hujichonga kufuata umbo la ngoma, na ukiirudisha kinyume itagusa kwa ncha tu na kurusha cheche.

Za mama wa Tandika zilikuwa zimesalia fupi kuliko nusu sentimita, na springi ya moja ilikuwa imeanza kukwaruza shaba. Ngoma ilikuwa nyeusi, yenye utando unaonata. Alipoulizwa, alisema hupaka mafuta kila Jumamosi, kwenye cherehani na kwenye mota. Hapo palikuwa na jibu. Mafuta ya cherehani yakiingia kwenye ngoma huchanganyika na unga wa kaboni na kuwa tope linalopitisha umeme kutoka kipande hadi kipande. Mkondo unapanda, cheche zinakuwa kubwa, na trayaki, iliyo kwenye mstari huohuo, inabeba mzigo wote. Kichwa cha cherehani kinahitaji mafuta mara nyingi. Mota inahitaji tone moja kwenye kila bushi mara chache kwa mwaka, tena ikiwa ina tundu la mafuta tu. Za zamani za Singer zenye vikopo vya grisi hazitaki mafuta kabisa.

Kusafisha ngoma kunahitaji subira. Pangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Kisha shika ukanda mwembamba wa msasa laini, namba 600, uguse shaba huku ukizungusha amecha kwa vidole, mpaka rangi ya shaba irudi. Msasa mweusi wa kusugulia chuma haufai, kwa sababu chembe zake zinaweza kubaki kati ya vipande na kupitisha umeme. Mwisho pitisha kijiti cha meno kwenye kila mfereji kati ya vipande kutoa unga, ukipuliza. Kaboni mpya nunua kwa kupeleka ya zamani dukani. Upana na unene lazima vilingane, maana nene itakwama kwenye nyumba yake na nyembamba itachezacheza. Urefu si tatizo, unaweza kuupunguza.

Akiwa hapo aliangalia pia kama kuna vipande viwili vya shaba vilivyo jirani vilivyoungua kuliko vingine. Hiyo ndiyo dalili ya koili ya amecha iliyokatika, na mota ikizunguka huonyesha mduara wa cheche za buluu kuizunguka ngoma nzima. Ikifika hapo, kaboni mpya ni hasara. Amecha inaweza kusukwa upya, lakini kwa mota ndogo ya wati 100 gharama ya kusuka hukaribia kununua seti nzima, na fundi mkweli atakwambia hivyo kabla hajaanza. Za mama huyu zote zilikuwa sawa.

Sasa upande wa pili, cherehani isiyowaka kabisa. Anza na gurudumu la mkono, plagi ikiwa nje. Likizunguka kwa shida, mota haina hatia: kuna uzi umejisokota kwenye sehemu ya bobini, au mafuta ya zamani yameganda, au mkanda umekazwa mno. Mkanda uliokazwa vizuri unabonyea kidogo ukiusukuma kwa kidole katikati. Likizunguka kwa wepesi, chomeka na usikilize. Mota inayovuma bila kuzunguka inapata umeme lakini imebanwa, au kaboni moja haigusi sawasawa. Ukilisukuma gurudumu kwa mkono, pedeli ikiwa imekanyagwa, na mota ikashika na kuendelea, tazama kaboni na ngoma kwanza. Na toa vidole mapema, pamoja na sindano, kwa sababu ikishika hushika ghafla.

Ikiwa kimya kabisa, angalia taa ya cherehani. Taa ikiwaka, umeme umefika kichwani na shida iko kati ya pedeli na mota. Isipowaka, tazama fyuzi ya plagi kabla ya yote. Kisha waya wa pedeli, hasa pale unapoingia kwenye kasha. Waya huo hukunjwa kila siku mahali pamoja, na nyuzi zake za shaba hukatika ndani wakati ngozi ya nje bado nzima. Weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya plagi na nyingine kwenye waya ndani ya pedeli, kisha upinde waya taratibu. Namba zikirukaruka, umepapata. Kata sentimita tano, unganisha upya, na uufunge vizuri na kile kibano cha ndani ya kasha. Fundi akisahau kibano, waya utavutwa kwenye risasi na kurudi palepale.

Waya ukiwa mzima, pima mota kwenye waya zake mbili, zikiwa zimetengwa na pedeli. Mota nzima ya volti 220 hadi 240 husoma makumi ya omu au kupita kidogo, na namba hubadilikabadilika ukizungusha amecha. Ikisoma hakuna njia kabisa, toa kaboni uzitazame: kaboni iliyokwisha au iliyonasa kwenye nyumba yake ni sababu ya mara kwa mara kuliko koili iliyokatika. Pedeli nayo inaweza kunyamaza kwa sababu kitelezi kimechafuka. Dalili yake ni mota inayoshtuka na kukatika unapokanyaga, hasa mahali pamoja pa safari ya mguu. Spiriti kidogo na kukisogeza mara nyingi hukirudisha, kama njia yake nyeusi haijalika mpaka plastiki.

Pedeli za zamani za chuma ni habari nyingine. Ndani yake hakuna trayaki. Kuna mirundo ya visahani vya kaboni ndani ya kigae cheupe, na kanyagio linavibana ili umeme upite kwa wepesi zaidi. Visahani hivyo hulika, na baadhi ya watu hujazia vipande vya shaba ili kuziba pengo. Wakizidisha, rundo halilegei tena, na cherehani inazunguka bila mguu. Dawa ni kupunguza vipande, kisha kulegeza skrubu ya kurekebishia mpaka mota isimame kabisa kanyagio likiachwa. Hizi ndizo zenye kapasita ile inayovuja na kufanya mota ivume. Ukiikata, cherehani itashona kama kawaida, ila redio ya jirani itakwaruza. Ukitaka kuweka nyingine, chukua yenye alama ya X2 na volti 275. Usikate kapasita za kwenye kibao cha trayaki kwa mazoea hayohayo, kwa sababu moja yao ndiyo inayopanga kasi.

Kuna cherehani ambazo mafundisho haya hayazihusu. Za kiwandani zenye mota kubwa ya klachi chini ya meza huzunguka muda wote kwa makusudi, na kanyagio hushika klachi tu. Kichwa kikienda chenyewe, tatizo ni marekebisho ya klachi. Za mota ya servo na za kompyuta zina bodi yake, na pedeli yake haipelekei mota umeme wa ukutani. Na cherehani za mitumba kutoka Japani au Marekani zitazamwe kibati cha mota kwanza. Japani ni volti 100 na Marekani 120, na ukizichomeka kwa volti 230 bila transfoma zitakimbia kwa kasi ya kutisha kwa muda mfupi, kisha moshi.

Mota ya mama wa Tandika ilirudi mezani na kaboni mpya. Fundi aliichomeka tena kupitia balbu, akaona imetulia, akakanyaga taratibu mpaka ikaenda polepole, halafu akaondoa balbu. Cheche zilikuwa ndogo, za manjano, chini ya kaboni tu. Aliiacha izunguke kwa mwendo wa wastani dakika kumi bila mzigo, akaigusa: vuguvugu. Kaboni mpya hujikalisha kwenye ngoma kwa muda, kwa hiyo alimwambia asishone jinzi siku hiyo.

Mama alitazama trayaki iliyokufa kwenye kiganja. "Hakuna kubwa kuliko hii? Niwekee ambayo haiungui."

"Ipo, BT138, ya ampea 12, na miguu yake imepangwa vilevile," fundi alisema. "Lakini siku mota ikikwama tena, hiyo itastahimili na mota ndiyo itakayoungua. Trayaki hii ni pesa ya chai, mama. Mota si pesa ya chai." Akafungua plagi yake, akatoa fyuzi ya ampea 13 iliyokuwamo, akaweka ya 3, na kumwonyesha tundu la mafuta kwenye bushi ya mota: tone moja, na si kila Jumamosi.